Bega Likichomoka, Msilivute

Kijana wa miaka 19 amepigwa ngwala kwenye mechi ya mtaani. Ameanguka huku amenyoosha mkono kujikinga, na bega limechomoka. Akivuliwa fulana unaona mviringo wa bega umepotea, pembeni pamebaki kona na chini yake pamebonyea. Kichwa cha mfupa wa mkono kimetoka kwenye kikombe chake, na mara nyingi huponyokea mbele.

Hapo hujitokeza yule jamaa asiyekosekana uwanjani, anayedai anajua kulirudisha. Mkataeni. Huenda mfupa umevunjika pia, na kwa macho hamwezi kujua. Kuuvuta kunaweza kuhamisha kipande au kuumiza mishipa ipitayo kwapani. Uacheni mkono katika mkao unaompa nafuu, jazeni nafasi kati yake na kifua kwa fulana iliyokunjwa, kisha ufungeni kwa kanga. Wekeni barafu iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20. Asile wala asinywe, maana hospitali wanaweza kumpa dawa ya usingizi. Mguseni ngozi ya nje ya bega. Akihisi ganzi, huenda mshipa wa fahamu umeumia, na daktari aambiwe. Vidole vikiwa vya baridi, vimepauka au havichezi, hiyo ni dharura. Hata bila dalili hizo msichelewe, kwani kadiri misuli inavyokaza ndivyo bega linavyokuwa gumu kurudi.

Hospitali atapigwa eksirei, atatulizwa maumivu, bega litarudishwa taratibu, kisha atapigwa eksirei nyingine. Maumivu hupungua papo hapo, na huo ndio mtego: kijana hujiona amepona.

Mkono hukaa kwenye kombeo wiki moja hadi tatu, huku vidole, kifundo na kiwiko vikichezeshwa tangu mwanzo. Halafu huja mazoezi ya kuimarisha misuli ya bega. Kwa takriban wiki sita aepuke kuinua mkono na kuugeuza nje, kama mtu anayetaka kurusha jiwe, kwa sababu mkao huo ndio unaolitoa tena. Mpira wa kugongana husubiri miezi mitatu au zaidi, hadi bega lipate nguvu karibu sawa na la pili.

Umri ndio unaoamua mengi. Kikombe cha bega kimezungukwa na pete ya gegedu, na kwa vijana pete hiyo huchanika mbele, mara nyingi isishike tena mahali pake. Walio chini ya miaka 20, hasa wachezaji, zaidi ya nusu huchomoka tena, na kila mara huhitaji nguvu ndogo zaidi. Mwingine hutoka akivaa shati tu. Kwa hiyo kijana wetu aulizie upasuaji wa kushona pete mapema, asingoje mara ya tano.

Mtu wa miaka 50 ana hadithi nyingine. Kwake bega huchomoka tena kwa nadra, ila kano zinazoinua mkono huchanika. Wiki mbili au tatu zikipita na bado hawezi kuuinua, asiambiwe ni uzito wa kawaida. Aombe kano zipimwe kwa altrasaundi.