Kuhamisha kazi kutoka Eksel: bei ya mwezi si gharama yote

Ukipanda barabara ya Lanet kuelekea Ol Kalou unapita Dundori, nyanda za baridi zenye viazi, kabichi, njegere na ng'ombe wa maziwa. Vikundi vya wafugaji hapa vina kazi nyingi ndogo zisizosubiri: ng'ombe wa kuangaliwa joto, mkulima wa kurudishiwa jibu la maziwa yaliyokataliwa, mbegu za viazi zilizolipiwa lakini hazijapelekwa. Kwa kawaida zote hukaa kwenye shiti moja ya Eksel au Google Sheets ambayo kila mtu huifungua kwa simu. Siku inapofika ambapo shiti hiyo haitoshi, swali la kwanza huwa ni bei. Nadhani linafaa kuwa la pili. La kwanza ni hili: safu za shiti yenu zitaenda wapi, na mkitaka kutoka mtatoka na nini?

Tuchukue timu ya mfano ya watu saba: meneja, karani, daktari wa mifugo, mpandishaji, wakusanyaji maziwa wawili na mtunza stoo. Shiti yao ina mistari 640. Kazi ambazo hazijakwisha ni 86. Safu zake ni Tarehe, Mkulima, Simu, Eneo, Kazi, Nani, Hali na Maelezo.

Wana njia nne. Ya kwanza ni kubaki walipo na kuisafisha shiti. Haigharimu chochote, ila haimkumbushi mtu kwamba siku imefika. Ya pili ni Trello, ambayo mpango wake wa bure huruhusu watu hadi kumi. Mpango wa Standard hutangazwa kwa dola 6 kwa mtu mmoja ukilipa kwa mwezi. Kwa watu saba hiyo ni dola 42, karibu shilingi 5,460 ukihesabu dola kwa shilingi 130. Ya tatu ni Asana, mpango wa Starter, kwa dola 13.49 kwa mtu kwa mwezi. Hapa pana jambo ambalo wengi hulikuta wakiwa tayari wanalipa: ukishapita watu watano, nafasi za Asana huuzwa kwa mafungu ya tano tano. Timu ya watu saba hulipia nafasi kumi. Hesabu inatoka dola 94 na kufika 134.90, yaani karibu shilingi 17,500 kila mwezi, na nafasi tatu hazina mtu. Bei hizi hubadilika, kwa hiyo tazama ukurasa wa kampuni siku unayoamua, na uulize kama VAT ya asilimia 16 imo ndani au inakuja juu yake.

Ya nne ni Kanboard, programu huria isiyo na ada, unayoiweka kwenye seva yako mwenyewe. Seva ndogo ya kukodi hupatikana kwa dola tano hivi kwa mwezi, takriban shilingi 650, na kiasi hicho hakiongezeki mkiwa saba au ishirini. Gharama yake ya kweli ni mtu: lazima awepo anayeisasisha na kuinakili. Kunakili kwenyewe ni kwepesi, kwa kuwa kwa kawaida kazi zote hukaa ndani ya faili moja, `data/db.sqlite`, lakini asipokuwepo mtu wa kulifanya hilo kila wiki, shilingi 650 ni bei ya kupoteza kila kitu siku seva ikiharibika.

Sasa tazama mlango wa kutokea, maana ndipo bei hizi zinapobadilika sura. Kanboard na Asana hukutolea kazi zako kwa CSV, faili inayofunguka kwenye Eksel yoyote. Trello ya bure hutoa JSON, ambayo karani hawezi kuifungua akaelewa kitu. CSV imo kwenye mpango wa Premium, dola 12.50 kwa mtu kwa mwezi. Kwa hiyo anayeingia Trello bure ajue kwamba siku ya kutoka huenda akalipia mwezi mmoja wa Premium, dola 87.50 kwa watu saba, au amtafute mtu anayejua kuisoma JSON. Si sababu ya kuikataa. Ni gharama ya kuandikwa kwenye hesabu mapema.

Turudi kwenye safu. Kwenye Trello, Hali inakuwa orodha nne za bodi: Bado, Inaendelea, Inasubiri mkulima, Imekwisha. Nani anakuwa mwanachama wa kadi. Eneo linakuwa lebo ya rangi. Kazi, pamoja na jina la mkulima, inakuwa kichwa cha kadi. Tarehe na Maelezo zina sehemu zake ndani ya kadi. Inabaki Simu, na hapa watu wengi hudhani wanalazimika kulipa, kwa kuwa mpango wa bure hauna sehemu za ziada za kujitungia. Ushauri wangu ni kuiacha Simu kwenye shiti. Namba za wakulima ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kuzipeleka kwenye seva ya nje bila haja ni kujiongezea wajibu. Kila mstari upewe namba yake ya kudumu, kadi ibebe namba hiyo, na anayetaka kupiga simu aitafute kwenye shiti.

Namba hiyo inatengenezwa hivi:

```
="D-"&TEXT(ROW(),"0000")
```

Ukimaliza, nakili safu nzima na uibandike juu yake kama thamani tupu, si fomula. Usipofanya hivyo, siku mtu atakapopanga shiti upya D-0045 itahamia kwa mkulima mwingine, na kadi itaelekeza kwa mtu asiye wake.

Ugumu mkubwa uko kwenye kazi za mpandishaji, kwa sababu mstari mmoja wa shiti si kazi moja. Ng'ombe aliyepandishwa tarehe 2 Oktoba 2025 anahitaji kuangaliwa baada ya siku 21, yaani tarehe 23 Oktoba, kama amerudi kwenye joto. Asiporudi, anapimwa mimba kuanzia siku ya 60, tarehe 1 Desemba. Kwenye shiti haya yote hukaa ndani ya Maelezo: "arudiwe, apimwe". Ukiuhamisha mstari huo kama ulivyo unapata kadi moja yenye tarehe moja, na kipimo cha mimba hakina wa kukikumbusha. Kila hatua iliyobaki iwe kadi yake:

```
=TEXT(A2+21,"yyyy-mm-dd")
=TEXT(A2+60,"yyyy-mm-dd")
```

Kwenye timu yetu, kati ya mistari 86, mistari 20 ni ya upandishaji. Ng'ombe 12 hawajafika siku ya 21, hivyo wana kadi mbili mbili, jumla 24. Wengine 8 wamebakiza kipimo cha mimba tu. Ukiongeza mistari 66 ya kazi nyingine unapata kadi 98. Andika namba hiyo kabla ya kuhamisha chochote. Ikitoka 97 au 99 baadaye, kuna kazi iliyopotea au iliyojirudia, na hamtalazimika kuigundua shambani.

Tarehe ndizo huharibika kimyakimya. Shiti iliyofunguliwa kwa mpangilio wa Marekani husoma mwezi kwanza. Upandishaji ukiandikwa 9/10/2025, sisi tunasoma 9 Oktoba. Shiti inasoma 10 Septemba, na siku 21 zinaangukia 1 Oktoba, kabla ng'ombe hajapandishwa. Mpandishaji anaona kazi iliyochelewa, anaifunga kwa kudhani ilikwisha fanywa, na joto linapita. Kila joto linalopita ni siku nyingine 21 za kumlisha ng'ombe asiye na mimba. Kubadili mpangilio wa nchi baadaye hakurekebishi tarehe zilizokwisha someka vibaya. Kunabadilisha tu jinsi zinavyoonyeshwa.

Dalili unaiona kwa macho. Mahali ambapo siku inazidi 12, kama 23/10/2025, mpangilio wa Marekani hushindwa kuisoma na huiacha kama maandishi, yakiegemea kushoto ilhali tarehe halisi huegemea kulia. Ukikuta safu moja ina za kushoto na za kulia, zile za kulia pia usiziamini. Zilinganishe na kitabu cha mpandishaji, ambacho huandikwa siku yenyewe ya huduma.

Kabla ya kutoa faili, safisha Hali. "Bado", "BADO", "kesho" na "ameambiwa" lazima ziwe mojawapo ya zile nne. Mstari uliopakwa rangi ya njano kumaanisha haraka uandikiwe neno "haraka" kwenye safu, kwa sababu CSV haibebi rangi wala maoni yaliyobandikwa kwenye seli, na hutoa kichupo kilichofunguliwa peke yake. Kama Machi na Aprili ziko kwenye vichupo viwili, ni faili mbili.

Kazi zilizokwisha zisihamishwe. Hizo 554 zibaki kwenye shiti kama kumbukumbu, ikiwa imefungwa ili isihaririwe tangu siku ya kuhama. Shiti na bodi zikiandikwa zote mbili kwa wiki mbili, hakuna atakayejua ipi ni ya kweli.

Anza na kadi tano kwenye bodi ya majaribio, zikiwemo za ng'ombe mmoja mwenye hatua mbili, kisha mwite mpandishaji aifungue kwa simu yake na aseme tarehe ni ipi. Akiikubali, leta zilizobaki. Trello ya bure inakubali orodha ya vichwa ikibandikwa mara moja, na kila mstari unakuwa kadi, lakini tarehe na wahusika utaviweka kwa mkono. Kwa kadi 98 hiyo ni kazi ya mchana mmoja ya karani. Kanboard na Asana husoma CSV moja kwa moja. Kanboard inataka tarehe ya mwisho kwa muundo wa 2025-10-23, na haikagui marudio: ukiingiza faili mara mbili unapata kadi 196.

Kwa timu ya watu saba ya Dundori, ningechukua Trello ya bure. Programu yake ya simu huendelea kufanya kazi mtandao unapokatika, wako chini ya watu kumi, na safu iliyokosa mahali ni ile isiyopaswa kuhama. Asana Starter, kwa shilingi 17,500, inawauzia nafasi tatu tupu na sehemu za ziada wanazoweza kuishi bila. Kikundi kinachokaribia watu kumi, na chenye kijana anayeweza kutunza seva, kiende Kanboard sasa kabla hakijaongezeka.

Mkichagua njia yoyote ya kulipia, msilipe mwaka mzima kwanza. Lipeni mwezi mmoja, toeni CSV ya kazi zenu kutoka kwenye mpango huohuo, ifungueni kwenye Eksel, na mhesabu mistari.