Zege la Mayai Mawili Juu ya Mizani

"Kaka, zege moja, mayai mawili. Pilipili kwa mbali."

Agizo hilo hutamkwa kwa pumzi moja, ila chipsi mayai yenyewe hukaa motoni dakika kadhaa. Dakika hizo ndizo za kumpima muuzaji, kwa sababu sahani ikishafika mbele yako mengi yamefunikwa na tomato sosi. Nilizitumia mara mbili kwenye banda moja la Mwananyamala, Dar es Salaam: mara ya kwanza saa 12 jioni, mara ya pili saa 3 usiku, foleni ikiwa imejaa. Anayeonja mara moja tu huandika habari za bahati yake.

Jioni ya kwanza nilifuata mkono wa mkaangaji. Alipokea noti, akarudisha chenji, kisha kwa vidole vilevile akachota kachumbari. Hilo ni kosa kubwa kuliko meza yenye madoa. Viazi na mayai hupita motoni, lakini nyanya, kitunguu na kabichi huliwa mbichi. Uchafu wa mkononi, au wa maji yaliyooshea mboga, unafika tumboni vilevile ulivyo, na ndimu haitoshi kuumaliza. Ndiyo maana kipindupindu kinapozuka, kama ilivyotokea Dar es Salaam mwaka 2015, mboga mbichi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kutiliwa shaka. Usiku wa pili alikuwepo msaidizi wa kushika fedha, na kachumbari ikachotwa kwa kijiko. Tatizo lile likaisha.

Yai nalo lina kipimo chake. Pasua zege katikati: likiwa limegeuzwa na kuiva pande zote, halina ute unaoteleza. Ukiuona ute, mrudishie alirudishe motoni, kwani bakteria wa salmonela hustahimili yai lililopashwa nusunusu.

Ladha ya chipsi huanzia kwenye karai. Saa 12 mafuta yalikuwa na rangi ya asali, na kiazi kilipotumbukizwa kilichemka kwa mapovu makubwa yaliyopotea upesi. Chipsi zilitoka na ganda jembamba la nje na unga laini ndani, na zilipofungwa na yai bado zilisikika menoni. Saa 3 mafuta yalikuwa meusi, yenye povu dogo lisilokata, na moshi ulianza mapema. Hayo ni mafuta yaliyochoka. Tena, chipsi za usiku huo zilikuwa zimekaa kabatini kwa muda mrefu, na mkaangaji aliyeharakisha foleni alizipasha kwenye mafuta ambayo hayajapata moto wa kutosha. Zikanyonya mafuta, zikalegea. Karatasi niliyozibandikia ililowa mara moja, na ulimi ukabaki na uchungu ambao pilipili haikuuficha.

Mazege yote mawili niliyabeba nyumbani nikayaweka kwenye mizani. La kwanza lilikuwa na gramu 330, la pili 250. Mayai mawili bila maganda hukaribia gramu 100, na mvuke hupunguza kidogo, kwa hiyo nilikadiria chipsi kuwa gramu 240 jioni ya kwanza na 160 usiku wa pili. Theluthi nzima ilipotea, na bei ni ileile, shilingi 3,000. Sidhani kijana alikusudia kuniibia. Anachota kwa chujio, kwa kukisia, na foleni ikirefuka mkono unakuwa mwepesi. Bakuli moja la kupimia lingemaliza ubishi.

Sasa bei. Kiazi kikimenywa na kukaangwa hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake, hivyo gramu 240 za chipsi zinatokana na kama gramu 600 za viazi vibichi. Kwa bei niliyonunulia mwenyewe wiki hiyo, kilo kwa 1,500 na yai kwa 400, viazi ni 900 na mayai 800. Zinabaki 1,300 za mafuta, mkaa, kachumbari, boksi, kodi ya banda na jasho la mkaangaji. Hapo hakuna dhuluma. Usiku wa pili viazi vilikuwa vya 600 tu, maana yake nililipa 300 za hewa, na mafuta yaliyochoka juu yake.

Hukumu yangu, basi, haina nyota wala alama moja ya jumla. Ladha, kipimo na bei vilishinda jioni, usafi ukashinda usiku. Nitarudi saa 12, mafuta yakiwa mapya, na nitamwomba jambo moja kabla hajafungua bakuli la kachumbari: "Kaka, kwa kijiko tafadhali."