Karata Inayooga na Karata Isiyooga

Chukua jokari la pakiti iliyokwisha kuchakaa, liloweke kwenye bakuli la maji usiku kucha, kisha asubuhi libane kona kwa kucha. Karata ya karatasi itafunguka kama kitabu: kumbe ni karatasi mbili zilizogandishwa kwa gundi, na mara nyingi gundi hiyo ni nyeusi. Weusi huo una kazi. Bila huo, mtu aliyeketi mkabala nawe angeweza kuona kivuli cha shupaza au kopa yako taa ikiwaka nyuma yako.

Jokari la plastiki halitafunguka. Lote ni plastiki, uso hadi mgongo, na maji hayana pa kupenyea. Kampuni ya Kem ya Marekani ilianza kutengeneza karata za namna hii katika miaka ya 1930, kwa plastiki iitwayo selulosi asiteti, nayo Copag ya Brazili hutumia PVC. Hapa wengi hudanganyika dukani, maana pakiti nyingi zinazoandikwa plastiki ni karatasi iliyopakwa plastiki juu tu. Sehemu iliyo wazi ni ukingo wake, palipopita kisu cha kiwandani. Dondosha tone la maji kwenye ukingo wa jokari, subiri dakika tano, futa, kisha upapase kwa kidole. Ukivimba, ni karatasi, na pakiti hiyo usiioshe kamwe.

Lakini kwa nini karata hunata? Ziinamishe zile nzuri kwenye mwanga, utaona nyingi zimejaa vishimo vidogo mno, kama ngozi ya chungwa. Vishimo hivyo hushika hewa, na karata huteleza juu ya hewa hiyo inapochangwa. Jasho na mafuta ya vidole huviziba. Hewa ikikosa mahali pa kukaa, karata mbili hulaliana na kushikana, na anayegawa hujikuta ametoa tatu badala ya moja.

Mwezi wa Ramadhani uliopita tulicheza barazani kila usiku baada ya tarawehe, kahawa upande mmoja na halua upande wa pili. Kufika siku ya Idi, seti yetu ya plastiki ilikuwa ikitoka kwa mafungu, na ree ya uru ilikuwa na alama ya kidole iliyoonekana hata kutoka mbali. Niliziosha hivi. Beseni la maji ya uvuguvugu, yasiyochoma mkono, na matone matatu ya sabuni ya maji ya vyombo. Nilitia karata kumi kumi, nikazifuta moja moja pande zote mbili kwa kitambaa laini cha pamba, nikazisuuza kwenye beseni la pili la maji safi. Usuuzaji ndio unaowashinda wengi: sabuni ikibaki, hukauka ikawa utando, na karata hunata kuliko mwanzo. Kisha nilizikausha kwa taulo na kuzitandaza kivulini kwa saa mbili. Juani PVC hulegea na kupinda, na karata zenye unyevu zikipangwa pamoja hugandana. Usijaribu kuzisafisha kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Mara nyingi ina asitoni, nayo huyeyusha selulosi asiteti.

Ya karatasi haiogi. Ipanguse kwa kitambaa kikavu kila baada ya mchezo, na doa dogo liondoe kwa ufutio mweupe, ukisugua taratibu kuelekea ukingoni. Poda ya watoto siipendekezi: karata huteleza siku mbili tatu, halafu poda huchanganyika na jasho ikawa uji ndani ya vishimo vile vile.

Adui mkubwa wa karata ya karatasi ni unyevu wa hewa, na sisi wa pwani tunaujua. Upande mmoja ukinywa unyevu kuliko mwingine, karata hujikunja kama jani. Seti mpya ya karata 54 ina unene wa karibu sentimita moja na nusu. Ikikataa kuingia katika boksi lake mwenyewe, imeshavimba. Ilaze bapa chini ya kitabu kizito, kisha ifunge kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, ndani ya kopo lenye kifuniko. Mpira wa kufungia usiuzungushe, kwani huuma kingo na kuacha mikwaruzo ambayo mchezaji mjanja ataisoma kwa mgongo.

Ya plastiki nayo ina udhaifu wake: haisahau. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari juani mchana mmoja, itapinda na kubaki hivyo. Boksi gumu linatosha, mradi iwe imebanwa bila nafasi ya kuegemea upande. Nyingi huuzwa seti mbili pamoja, migongo ya rangi mbili, ili moja ichezwe huku nyingine ikichangwa. Kwetu sasa nyekundu ndiyo iliyo barazani, na buluu iko kwenye taulo inakauka.