Majibu Kumi na Moja ya "Njoo Inboksi"

Saa tatu usiku, kwenye kundi la WhatsApp la wasindikaji wa vyakula ambalo nina mwaka wa nne ndani yake, mama mmoja wa Ubungo aliandika: "Wapendwa, nani anatengeneza lebo nzuri za siagi ya karanga kwa bei nafuu?" Nilipoisoma meseji hiyo, watu kumi na mmoja walikuwa wameshajibu, na wote walisema jambo lile lile: njoo inboksi. Wawili walibandika na mabango yao yenye namba za simu.

Mimi nilikuwa wa kumi na mbili, na kazi niliipata mimi. Sikumwita inboksi. Nilimuuliza pale pale mbele ya watu: "Mama, kopo lako lina upana gani, na unataka lebo izunguke kopo zima au ikae mbele na nyuma tu?"

Alijibu kwamba hajui upana. Nikamwambia achukue futi ya fundi cherehani azungushe kopo kiunoni. Baada ya dakika tano alirudi na picha ya kopo na kipimo: sentimita 22. Kwa kuwa alihitaji lebo 120, nilimwandikia hesabu yote hapo hapo kundini. Lebo ya kuzunguka inataka sentimita 23, ili ncha moja ipande juu ya nyingine kidogo, na kimo cha sentimita 6. Karatasi ya A3 inatoa lebo 6 za namna hiyo, kwa hiyo makopo 120 yanakula karatasi 20. Kuchapa karatasi moja ya stika ya plastiki nilikuwa nikitoza shilingi 2,500, jumla 50,000. Lakini akikubali vipande viwili vya sentimita 9 kwa 6, kimoja mbele na kimoja nyuma, karatasi moja inatosha makopo 9. Hapo atahitaji karatasi 14 tu, yaani shilingi 35,000. Nikaongeza kwamba asichukue stika ya karatasi ya kawaida hata akiipata kwa bei ya chini, kwa sababu mafuta ya karanga yakichuruzika yanaingia kwenye karatasi na maandishi yanafifia.

Yeye ndiye aliyenifuata inboksi.

Watu huniuliza kama siogopi kutoa maarifa bure namna hiyo, maana yeyote angeweza kuchukua hesabu zangu akampelekea mchapaji wake. Anaweza kweli, na wapo waliofanya hivyo. Lakini swali moja kundini huwa na wasomaji wengi wasioandika neno. Wiki ile ile watu watatu walinitafuta, akiwamo mzee anayefungasha asali, na kila mmoja alianza na picha ya chombo chake pamoja na vipimo. Walikuwa wameshajifunza kunipa kazi kabla hawajaniuliza bei. Nusu saa ya maelezo ambayo ningeitumia kwa kila mmoja ilikuwa imeshafanyika.

Kuna jambo moja tu ambalo nililiacha mpaka tukawa wawili. Lebo yake ya zamani ilionyesha ujazo wa mililita 400, ilhali siagi ya karanga hupimwa kwa gramu. Tena haikuwa na namba ya toleo wala orodha ya viambato, na alikuwa ameacha nafasi ya alama ya ubora ya TBS wakati leseni ya kuitumia alama hiyo hajaipata. Alama hiyo haiwekwi kabla ya leseni. Hayo ningeyasema kundini ningeonekana mjuzi, naye angeaibika mbele ya wanunuzi wake, kwa sababu baadhi ya wenye maduka wanaochukua bidhaa zake wamo humo humo. Msaada nautoa hadharani, kasoro naisema faraghani. Nimeona mafundi wazuri wakipoteza wateja kwa kutolitenga hilo.

Tulipokubaliana kwa simu, nilimwandikia muhtasari: vipande 240, vipimo, aina ya stika, usanifu shilingi 40,000, uchapaji 35,000, nusu kabla ya kuanza, marekebisho mara mbili, kazi siku ya nne. Wengi humaliza mambo haya kwa meseji za sauti kwa sababu ni rahisi kusema kuliko kuandika. Tatizo huja siku ya malipo: bei imejificha ndani ya sauti ya dakika tatu, katikati ya salamu na habari za mvua, na kila mmoja anakumbuka lake. Meseji ya maandishi unaitafuta kwa neno moja ukaipata.

Kutafuta kwa neno ndiyo kazi yangu ya kila Jumatatu asubuhi. Ndani ya kila kundi naandika "lebo", kisha "stika", kisha "vifungashio", nione nani aliuliza wiki iliyopita na hakujibiwa vizuri. Wa namna hiyo hawakosekani. Ukimjibu baada ya siku tano kwa kunukuu swali lake lenyewe, anashangaa kwamba kuna aliyemkumbuka.

Niko kwenye makundi manne tu sasa. Zamani nilikuwa kumi na saba, nikimwaga bango moja asubuhi kwenye yote. Nilitolewa kwenye matatu, na hilo halikuwa baya kuliko yote, kwani watu wakiripoti namba yako kwa wingi WhatsApp huifungia, na wateja wa miaka wanakutafuta hewani hawakupati. Kabla ya kukaa kwenye kundi sasa naperuzi mazungumzo ya wiki moja nyuma. Nahesabu maswali na mabango. Mabango yakiwa mengi kuliko maswali, wote humo ni wauzaji na hakuna anayemsoma mwenzake, hata kama wanachama wamefika 1,024, ambao ndio ukomo wa kundi. Kundi langu bora lina watu wasiofika mia mbili, na adimini wake anaruhusu matangazo Ijumaa pekee.

Kishawishi kingine ni kuzikusanya namba za wanachama na kuwatumia meseji mmoja mmoja. Mtu aliingia kundini kuzungumzia unga lishe, hakukupa namba yake. Hata orodha ya matangazo ya WhatsApp, inayobeba watu 256, haimfikii mtu ambaye hajaihifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo ninapokabidhi kazi namwomba mteja aihifadhi, akinitajia jina alilonipa. Wengi wameniandika "Kaka Lebo".

Njia hii ina mpaka wake. Huleta kazi ndogo ndogo, na wateja wanaopungukiwa na mtaji katikati ya safari. Anayeuliza bei tu bila kutuma picha ya kopo, hata baada ya kuombwa, mara nyingi hajaanza kufungasha. Huyo namjibu kwa heshima, namkumbusha mara moja baada ya siku tatu, kisha namwacha.

Mama wa Ubungo alipokea mzigo wake siku ya nne. Sikumwomba anisifu, nilimwomba picha moja tu ya makopo yakiwa yamepangwa rafuni. Aliituma kundini mwenyewe saa mbili usiku, na chini yake akaandika: "Kaka kanishauri nikapunguza shilingi elfu kumi na tano." Kabla sijashukuru, mtu alikuwa ameshauliza chupa yake ya achari yenye mzunguko wa sentimita 19 inataka lebo ya ukubwa gani.