Nyumba, Chumba au Kibarua?

Shule moja ya bweni yenye wanafunzi 1,200 ilituita tuhamishie kazi zake tatu kwenye seva za kukodi: programu ya zamani ya uhasibu, utengenezaji wa ripoti za muhula, na upokeaji wa taarifa za ada inayolipwa kwa simu. Mkuu wa shule alitaka zote zikae mahali pamoja, mambo yaishe. Ilibidi nimweleze kwa mfano wa nyumba.

Mashine pepe ni nyumba nzima uliyokodi. Ndani yake kuna mfumo endeshi wako peke yako, unafanya utakalo, lakini kufagia na kuziba paa ni juu yako, na kodi inaenda hata ukisafiri. Kontena ni chumba katika nyumba ya wapangaji wengi: kila mmoja ana mlango na vyombo vyake, ila ua na bomba ni vya wote. Cha pamoja hapo ni kiini cha mfumo endeshi, ndiyo maana kontena huwaka kwa sekunde chache na nyingi huenea kwenye seva moja. Fanksheni haina hata chumba. Ni kibarua: kazi ikija anaitwa, akimaliza analipwa muda aliotumia, anaondoka.

Kuchagua, mimi huuliza maswali matatu kwa mfuatano, na jibu la kwanza linalokubali ndilo ninalolishika.

La kwanza: je, kazi hii inadai mfumo endeshi wake? Programu ya uhasibu ya shule iliandikwa kwa ajili ya Windows, na leseni yake imefungwa kwenye kompyuta moja. Haiwezi kuishi chumba cha kupanga. Ikapewa mashine pepe, mjadala ukaisha.

La pili: je, kazi inakuja kwa vipindi, inaisha upesi, na haihitaji kukumbuka ya jana? Taarifa za ada ziko hivyo. Kwa mwezi wa kawaida zinafika kama 3,000, na kila moja huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Kwenye Lambda, huduma ya fanksheni ambayo Amazon waliizindua mwaka 2014, maombi milioni 1 ya kila mwezi hayatozwi. Shule ingelipa karibu sifuri.

Kibarua huyo huyo akiajiriwa usiku na mchana, hesabu inageuka. Fanksheni yenye nusu gigabaiti ya kumbukumbu ikifanya kazi siku 30 bila kupumzika ni sekunde 2,592,000. Kwa bei ya kawaida ya Virginia, ukiacha nafuu ya bure, hiyo ni kama dola 21 na nusu. Mashine pepe ndogo yenye gigabaiti nzima, hapo hapo Virginia, ni takriban dola 7 na nusu.

La tatu si swali tena: kilichobaki kinaenda kwenye kontena. Ripoti moja ya mwanafunzi ilichukua sekunde 2 kutengenezwa, kwa hiyo 1,200 ni dakika 40, na Lambda hukata kazi yoyote ikifika dakika 15. Ungeweza kuigawa, kila mwanafunzi na kibarua wake. Sikuona haja. Kontena moja huwashwa mwisho wa muhula, inamaliza, inazimwa.

Maswali haya yana upofu mmoja, nami nilinaswa nao. Shule ilipofunguliwa, wazazi wengi walilipa asubuhi moja. Fanksheni moja hushughulikia taarifa moja kwa wakati, hivyo nakala zikaongezeka zenyewe mpaka zikapita mia, kila moja ikifungua njia yake kwenye hifadhidata. PostgreSQL, usipoibadilisha, inapokea miunganisho 100 tu. Kumbukumbu za mfumo zikajaa mstari huu:

```
FATAL: sorry, too many clients already
```

Wazazi walisimama dirishani kwa mhasibu, meseji ya malipo mkononi, na kwenye orodha ya shule bado wanadaiwa. Vibarua walikuwa tele, mlango wa ghala ulikuwa mmoja.

Dawa haikuwa kununua hifadhidata kubwa zaidi. Tuliweka foleni katikati: taarifa ikifika inahifadhiwa hapo kwanza, kisha fanksheni zisizozidi 20 kwa wakati mmoja zinaichukua na kuiandika. Mzazi wa mwisho akisubiri, anasubiri dakika, na malipo yake hayapotei. Kwa hiyo ukichagua fanksheni, kabla ya kuiwasha tazama hifadhidata yako inapokea miunganisho mingapi, kisha weka kikomo cha nakala chini ya idadi hiyo.