Deni la Kampuni Haligongi Mlango wa Nyumbani

"Nyumba yangu itauzwa?" Mama mmoja aliuliza hivyo mbele ya mkutano wa kijiji, nchini Tanzania, wakati majirani kumi walipotaka kununua mashine ya kusaga nafaka kwa pamoja. Afisa biashara alisimama kumjibu.

"Mama, mkiwa wabia tu, mdai anaweza kufuata mali ya yeyote kati yenu. Mkisajili BRELA kampuni yenye dhima ya ukomo kwa hisa, kampuni inakuwa mtu wake mbele ya sheria. Inakopa kwa jina lake na inashtakiwa kwa jina lake.

"Tuseme kila mmoja amechukua hisa za shilingi 500,000. Kampuni ikafilisika ikidaiwa milioni 20, mashine na mali zake nyingine zikauzwa milioni 12. Milioni 8 zinazobaki ni hasara ya wadai. Aliyelipia hisa zake zote hadaiwi tena. Aliyelipa 300,000 atadaiwa 200,000 alizobakiza, basi."

Hapo watu walipiga makofi, mapema kidogo kwa maoni yangu, kwani sehemu nzito ilikuwa bado.

"Lakini ndugu zangu, benki inaijua sheria hii. Kampuni changa ikiomba mkopo, wakurugenzi huletewa karatasi ya dhamana binafsi. Ukiitia saini, umeirudisha nyumba yako mezani kwa mkono wako. Isomeni kabla ya kushika kalamu. Na fedha za kampuni zikae kwenye akaunti ya kampuni, zisichanganywe na za mwenyekiti."