Kali Kwanza au Ndogo Kwanza? Kupanga madeni ya simu katika nchi ya chai

Wamarekani wanaoandika vitabu vya fedha wana njia mbili za kupanga madeni, na zote mbili wamezipa majina ya theluji. Moja wanaiita poromoko la theluji: unaanza kulipa deni lenye riba kubwa kuliko yote. Nyingine wanaiita mpira wa theluji: unaanza na deni dogo kuliko yote, halafu linalofuata kwa ukubwa, mpaka umalize. Sisi wa Kericho na Bomet theluji hatuijui. Tunachokijua ni mvua ya mawe inayochanachana majani ya chai wiki moja kabla ya kuchumwa. Kwa hiyo nitaziita tu kali kwanza na ndogo kwanza.

Kwenye karatasi, kali kwanza hushinda daima, maana shilingi inayozima riba ya asilimia 15 inaokoa zaidi ya ile inayozima riba ya asilimia 1. Wanaotetea ndogo kwanza hawabishani na hesabu hiyo. Wao husema mwanadamu huchoka, na akiona deni moja limefutika kabisa hupata nguvu ya kuendelea. Watafiti wawili wa Marekani, Gal na McShane, walichapisha mwaka 2012 matokeo yaliyowaunga mkono: watu waliofaulu kumaliza madeni yao walikuwa zaidi wale waliokuwa wakifunga akaunti moja baada ya nyingine. Lakini madeni waliyoyachunguza hayakuwa ya Fuliza.

Fuliza ilianza Januari 2019, na ada yake haifanani na riba ya kawaida. Unatozwa asilimia 1 unapoichukua, kisha ada ya kila siku inayofuata ngazi ya deni. Kwa viwango vilivyoanza Oktoba 2022, deni la kati ya shilingi 1,501 na 2,500 hutozwa shilingi 20 kwa siku. Lililozidi 2,500, hata likiwa 20,000, hutozwa shilingi 25. Sasa piga hesabu. Mwenye deni la 1,800 analipa shilingi 600 kwa siku 30, yaani theluthi ya deni lenyewe kila mwezi. Mwenye 20,000 analipa 750, ambayo haifiki asilimia 4. Deni dogo ndilo kali.

Hili ndilo linalowapita wengi. Nimesikia zaidi ya mara moja kauli hii: "Fuliza ni kidogo tu, itajilipa." Kweli hujilipa, kwa sababu pesa yoyote ikiingia M-Pesa inakatwa kabla hujaigusa. Ndiyo maana wako wanaoomba malipo ya maziwa yatumwe kwenye simu ya mume au ya jirani ili yasimezwe. Wanaokoa 1,800 leo na kuendelea kuchomwa shilingi 20 kila kukicha. Na kama huwezi kulipa yote, lenga angalau kushuka chini ya 1,000. Deni la 1,050 liko katika ngazi ya shilingi 18 kwa siku, ilhali la 950 halizidi shilingi 6. Mia moja hiyo ina kazi kubwa kuliko mia nyingine yoyote mfukoni mwako.

Tumchukue mkulima wa mfano, mama mwenye chai karibu na Litein, anayepeleka majani yake kituoni na kulipwa kila mwezi huku akingoja bonasi ya Oktoba. Ana mkopo wa sacco wa shilingi 60,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, na marejesho yake hukatwa juu kwa juu kutoka malipo ya majani. Mkopo huo tuuache kando, kwa kuwa hauko mikononi mwake. Baada ya makato hayo na mahitaji ya nyumbani, anabaki na 5,000 kwa mwezi za kulipia madeni mengine manne. Fuliza, 1,800. Duka la jirani alikokopa unga, sukari na mafuta ya taa, 3,000 bila riba. Apu ya mkopo, 4,500 kwa asilimia 15 kwa mwezi. Mkopo wa benki wa siku 30 kupitia simu, 9,000, ambao ukiongezewa mwezi mmoja unatozwa ada tena, asilimia 9 pamoja na ushuru. Jumla ni 18,300.

Malipo ya kwanza yanaingia mwisho wa Aprili. Fuliza inakata 1,800 zake, na hapo njia zote mbili zinakubaliana, maana ndiyo ndogo na ndiyo kali. Zinabaki 3,200, na hapa ndipo zinapoachana.

Akifuata ndogo kwanza, analipa duka lote na kupeleka 200 zilizobaki kwenye apu. Mwisho wa Mei apu inadai 4,945 na mkopo wa benki 9,810. Anaifunga apu, anabaki na shilingi 55 tu za kupunguza deni la benki. Juni, Julai na Agosti zote zinaishia kwenye deni hilo linalozidi kuvimba, na analimaliza mwisho wa Agosti. Kwa jumla amelipa ada na riba ya 2,943.

Akifuata kali kwanza, 3,200 zote zinaingia kwenye apu. Mwisho wa Mei anamalizia 1,495 zilizobaki huko na kutupa 3,505 kwenye mkopo wa benki. Mwisho wa Julai mkopo huo umekwisha na zimebaki 2,960 za duka. Ada na riba zote ni 1,740. Tofauti ya njia hizi mbili ni shilingi 1,203, na yote imesababishwa na uamuzi mmoja wa siku ya kwanza: 3,000 ziende dukani au kwenye apu.

Hapo mtaalamu wa mezani angefunga daftari. Mimi ningemwuliza mama huyo swali moja: mwenye duka akikataa kukukopesha unga wiki ijayo, utaununua kwa nini? Jibu tunalijua wote. Ataununua kwa Fuliza, na deni lisilo na riba litakuwa limegeuka deni la theluthi kwa mwezi. Kwa hiyo siku ile ya Aprili apeleke 500 dukani, akaongee na mwenye duka ana kwa ana na kumwambia zilizobaki zitakuja Julai. Nimerudia hesabu nikiweka hiyo 500: ada zinapanda hadi 1,924, yaani 184 zaidi. Hiyo ndiyo bei ya kulinda mlango wa duka, na naiona ni rahisi.

Kuna jambo jingine ambalo njia zote mbili hazilioni, nalo ni tarehe. Riba ya sacco inakua kidogo kidogo, hivyo kila siku unayowahi ina faida. Mikopo mingi ya simu haiko hivyo. M-Shwari, ilipozinduliwa Novemba 2012, ilitoza asilimia 7.5 mara moja kwa siku 30. Ada ya namna hiyo ukishaitozwa umeshaitozwa. Ukilipa siku ya 10 au ya 29, ni ileile. Kinachokuumiza ni siku ya 31, mkopo unapoongezewa muda na ada kupigwa upya kwenye kilichobaki. Kwa hiyo kuuliza "mkopo huu una riba gani?" hakutoshi. Uliza: shilingi mia hii nisipoilipa hapa leo, itanigharimu nini, na kuanzia tarehe ngapi? Mkopo wa asilimia 15 ulioanza jana unaweza kusubiri wiki mbili, wakati wa asilimia 9 unaoiva keshokutwa hauwezi. Katika mfano wangu niliziweka tarehe zote pamoja ili hesabu iwe nyepesi. Kwenye simu yako hazitakuwa pamoja, na kuzijua ni nusu ya kazi.

Apu nyingine hutoza riba kwa siku, nyingine ada ya mara moja na faini ya kuchelewa. Utajua kwa kusoma salio siku mbili mfululizo: likipanda, ni ya siku.

Vipi kuhusu kukopa sacco ili kuzima ya simu? Ikiwezekana, hiyo inazishinda njia zote mbili. Fuliza, apu na benki ni 15,300. Kwa asilimia 1, mwezi wa kwanza ungemgharimu mama yetu shilingi 153. Kwa wanachama wa sacco kama Ndege Chai, au wakulima wanaokopa Greenland Fedha, kampuni tanzu ya KTDA, marejesho hukatwa kwenye mshahara au kwenye malipo ya majani, na kwa hiyo mkopeshaji haogopi sana. Hatari yake iko palepale. Makato yakiongezeka, fedha ya mkononi inapungua, na pengo hilo linazibwa na nani? Na Fuliza. Mfanyakazi wa shamba kubwa la chai analindwa kidogo na Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo hairuhusu makato kuzidi theluthi mbili za mshahara. Mkulima mdogo hana ukuta huo. Dalili ya kwamba mpango umeshindwa ni moja: umepata mkopo wa sacco, na ndani ya siku 30 Fuliza imesoma tena. Hapo hukubadilisha deni, umeongeza la pili.

Hapa ndipo nawakubalia watu wa ndogo kwanza, ingawa kwa sababu tofauti na yao. Deni la simu likilipwa halifi. Kikomo kinafunguka tena siku hiyohiyo na ujumbe wa kukualika unaingia ukiwa bado unafurahi. Kufunga akaunti kuna maana hapa kama kufunga ni kufunga kweli: apu inafutwa kwenye simu baada ya kuhakikisha salio ni sifuri na kuhifadhi ujumbe wa kuthibitisha, na unajitoa kwenye Fuliza kupitia *234#. Deni la kwanza kufutika likiwa hivyo, la pili litalipika.

Bado neno la bonasi. Msimu wa Julai hadi Septemba ndio wa kukopa kwa ahadi ya Oktoba, na wako wakopeshaji wa mtaani wanaobaki na kadi ya benki ya mkulima kama rehani. Bonasi hujulikana ikishatangazwa na kiwanda chako, wala si kabla. Usiipangie deni ukitumia bei ya mwaka jana, na kamwe usiipangie kwa bei ya viwanda vya mashariki mwa Bonde la Ufa, ambavyo kwa kawaida hulipa zaidi ya vyetu.

Mama wa Litein, kwa mpango wa kali kwanza na ile 500 ya duka, anafika mwisho wa Julai akiwa hana deni lolote la simu. Mwenye duka anamdai shilingi 224.